Lalamiko la Hafswa

Mahfudha alikuwa na kalamu mbili mezani. Ya buluu aliitumia kuandika, nyekundu aliitumia kuwatia watu adabu. Miaka minane alikuwa ameketi katika kile chumba kidogo karibu na duka la dawa, Hospitali ya Mtondooni, mlango umebandikwa kibao cha MAONI NA MALALAMIKO, na muda wote huo ile nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiisha wino mwanzo.

Hakuisomea kazi hiyo. Aliingia hospitalini akiwa mwandika kadi, mwanamke aliyeachwa, hana mtoto wala wa kumuuliza umekula nini. Siku moja mkubwa wa hospitali, Bwana Mwaringa, alimpa barua aichape. Barua ilikuwa ya kumjibu mzee wa Matsangoni aliyekaa benchi kutwa nzima na mguu umevunjika. Ilisema, "Lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa." Mahfudha akauliza, "Linashughulikiwa na nani?" Bwana Mwaringa akaipindua barua, akatazama nyuma yake. "Lini?" Akaipindua tena. Basi tangu siku hiyo akapewa chumba na daftari, na kila barua ya Bwana Mwaringa ikawa lazima ipite mkononi mwake kabla ya kutoka. Si kwamba Mwaringa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa Mgiriama mpole, mwenye watoto watano na presha, na akiandika barua alikuwa kama mtu anayevuka barabara kwa kurudi nyuma. Aliogopa wakili kuliko alivyoogopa kaburi.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei aliingia na karatasi mbili, akaziweka mezani kwa Mahfudha.

"Bi Mahfudha, hii ni barua ya mlalamishi, na hili ni jibu nimelianza. Litengeneze kidogo. Huyu mama asipotulizwa hatarudi, na daktari anasema asiporudi ni hatari."

Mahfudha alianza na jina kwenye fomu iliyobanwa juu ya barua, maana ndiyo desturi yake. Hafswa Salmin, umri miaka arubaini na moja, mkazi wa Malindi. Chini yake, mahali pa kuandika jamaa wa karibu, palikuwa na jina Huzaifa, mume, na namba ya simu inayomalizikia 318.

Namba ile aliijua kwa moyo. Miaka kumi na miwili ilikuwa namba ya mumewe yeye.

Sasa msikie kisa, kisha mumhukumu mkitaka. Miaka tisa nyuma, mamake Mahfudha alikuwa akitibiwa Mombasa, naye akahamia kwa kakake Mtwapa ili amuuguze. Hafswa alikuwa jirani yake mlango wa pili, mtalaka, rafiki wa kuazimana chumvi na siri. Akamwambia, "Nenda dada, muuguze mama. Shemeji nitamwangalia mimi." Na kweli alimwangalia, hakusema uongo hata chembe. Mahfudha alirudi baada ya siku hamsini, mama yuko kaburini na macho yake yamevimba kwa kilio, akamkuta Hafswa jikoni mwake, amejifunga leso yake, anakoroga sufuria yake, tayari ni mke wa Huzaifa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mahfudha hakutaka kugawana wala kuzungumza. Alidai talaka yake akaipata.

Lakini kilichomkaa kooni hakikuwa kile. Wazee walipokaa kusuluhisha, mmoja wao alisema kwa niaba ya wale wawili, "Bibi, ikiwa yaliyotokea yamekukwaza, basi wanakuomba radhi." Ikiwa! Hafswa alikuwa ameketi pale pale, ameinamisha kichwa, hakufungua kinywa. Toka siku hiyo Mahfudha na hilo neno walikuwa mahasimu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na sasa huyo huyo Hafswa amemwandikia barua, bila kujua anamwandikia nani.

Ilikuwa barua ndefu ya mkono, ya mtu mwenye hasira na mchovu. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, anatokwa damu miezi mitano. Alikuwa amepangiwa upasuaji Jumanne tatu, tarehe 14, 21 na 28 Aprili, na mara zote tatu amerudishwa nyumbani. Mara ya kwanza alifokewa mbele ya watu. Mara ya pili alikaa na njaa na kiu tangu alfajiri mpaka saa kumi jioni, hakuna aliyemwambia neno. Mara ya tatu, aliandika, daktari hakuja kazini. Mwisho akasema, "Mkinijibu ukweli nitarudi. Mkinijibu upuuzi sirudi tena hapo, bora nife kwangu."

Mahfudha akaagiza faili ya mgonjwa, akaifunua. Kipimo cha damu ya Hafswa kilikuwa kimeshuka hadi saba, na cha mwanamke mzima hutakiwa kufika kumi na mbili. Akachukua jibu la Bwana Mwaringa.

"KUH: LALAMIKO LAKO. Tunapenda kukufahamisha kuwa lalamiko lako la tarehe 30 Aprili limepokelewa na kushughulikiwa ipasavyo. Uchunguzi umebaini kwamba upasuaji uliahirishwa kwa sababu ulikula kinyume cha maelekezo, na pia kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa hospitali. Taratibu zote zilifuatwa. Tunasikitika ikiwa ulipata usumbufu wowote. Hatua zinazofaa zimechukuliwa."

Aliisoma mara mbili, na mara ya pili akatabasamu. Ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa baridi kama samaki wa jana, na ilimpa Hafswa lawama juu ya njaa yake. Hata neno lenyewe lilikuwemo, ikiwa, limekaa mahali pake kama lilivyokaa siku ile ya wazee. Kazi ya Mahfudha ilikuwa kutogusa kitu. Apige muhuri, atie kwenye bahasha, Hafswa asome, akasirike, asirudi. Nani angemlaumu? Barua si yake, sahihi si yake.

Aliifurahia fikra hiyo kwa muda mrefu. Nisiwadanganye kwamba alishtuka na kumcha Mungu papo hapo. Aliila polepole kama halua. Aliona mazishi, akajiona mwenyewe ameketi nyuma kwa wanawake, uso umetulia, akipokea kahawa.

Kisha akaona kitu kilichomuudhi. Hafswa akifa, amekufa hajasema lile neno. Ataingia kaburini na watu watamwita marehemu, na marehemu hatajwi ila kwa wema. Nani tena atamwomba Mahfudha msamaha? Huzaifa? Huzaifa hata akikanyaga mguu wako hungoja wewe uondoe. La. Hafswa alitakiwa awe hai, awe na afya, awe na damu kumi na mbili, ili chuki ya Mahfudha ipate mahali pa kukaa.

Akainuka, akaenda kwa Bwana Mwaringa.

"Huyu mama namjua," akamwambia. "Alinichukulia mume. Mpe mtu mwingine kazi hii."

Bwana Mwaringa alivua miwani. "Bi Mahfudha, mtu mwingine yupi? Karani wa mapokezi aandike? Ataandika 'pole sana' mara sita halafu aweke ua." Akafikiri. "Andika wewe. Mimi nitaisoma neno kwa neno na faili mkononi. Ukiweka sumu nitaiona."

"Sitaweka sumu," Mahfudha akasema. "Nitaweka ukweli."

Alivyolitamka hilo neno, Bwana Mwaringa akashika kifua kidogo, upande wa presha.

Mahfudha alianza na yale ya tarehe 14, kwa kuwa ndipo palipokuwa na utamu. "Ulikula kinyume cha maelekezo." Kwenye faili iliandikwa hivyo kweli: mgonjwa amekunywa chai ya maziwa na mahamri saa kumi na mbili asubuhi, upasuaji umeahirishwa. Mahfudha alilipenda lile hamri. Alitaka kuliandika kwa herufi kubwa. Lakini kabla ya kumwambia mtu amevunja maelekezo, shurti uonyeshe aliyapata. Akatafuta ile fomu ambayo mgonjwa hutia sahihi kwamba ameelezwa asile na asinywe. Fomu ilikuwapo. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

Akamwita muuguzi wa wadi, Nelly, msichana mchapakazi lakini mwenye ulimi mwepesi.

"Nelly, nani alimweleza Hafswa Salmin asile?"

"Mimi, dada. Nilipiga simu Jumatatu jioni."

"Ukazungumza naye?"

Nelly akakuna shingo. "Nilizungumza na mumewe. Namba iliyoko kwenye faili ni ya mume. Nikamwambia, mwambie mama asile kitu chochote kuanzia saa sita ya usiku, hata chai, maji tu, na hayo maji nayo ayaache saa kumi na moja alfajiri. Akasema sawa sawa, nitamwambia."

Mahfudha akaangua kicheko, kicheko cha peke yake, Nelly hakukielewa. Sawa sawa, nitamwambia! Miaka kumi na miwili aliishi na sawa sawa hiyo. Ujumbe ukiingia kwa Huzaifa ulikuwa umeingia kisimani. Shangazi yake Mahfudha alilazwa, Huzaifa akaambiwa, Mahfudha akapata habari siku ya hitima.

"Na siku ile, ulimfokea?"

"Sikumfokea. Nilisema, 'Mama, ukila sisi tukufanyeje?' Nilisema kwa sauti, hilo nakubali. Chumba kilikuwa kimejaa."

Mahfudha akaandika maneno hayo hayo, hakupunguza wala kuongeza.

Ya tarehe 21 yalikuwa rahisi. Daftari la chumba cha upasuaji lilionyesha kwamba saa mbili na robo mama mjamzito aliletwa anatoka damu, na mtaalamu wa nusukaputi alikuwa mmoja tu siku hiyo. Baada yake akaja mwingine, mtoto amekaa vibaya. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini saa tano tayari ilijulikana kwamba orodha ya siku imevunjika, na Hafswa aliachwa mpaka saa kumi bila kuambiwa wala kupewa hata uji. Hilo lilikuwa na wa kulaumiwa.

Ya tarehe 28, Hafswa alikosea. Daktari alikuwapo tangu saa moja. Kilichokosekana ni damu. Alihitaji chupa mbili ziwe tayari, na sampuli ya kulinganisha ilichukuliwa Alhamisi. Maabara haikubali sampuli iliyopita siku tatu, kwa hiyo Jumanne asubuhi ikawa haifai, na wadi haikuchukua nyingine kwa wakati. Kosa la hospitali tupu. Hakuna aliyemweleza, naye akajaza pengo mwenyewe, kama watu wote wafanyavyo.

Akaketi kuandika. Alasiri hiyo hakwenda hata kununua viazi karai vya moto kwa mama anayekaanga getini. Aliandika kwa kalamu ya buluu, akakata kwa nyekundu, akaandika tena. Kila alipotaka kuchoma aliuliza faili, na faili mara nyingine ilimkataza na mara nyingine ikampa kuni.

Alitaka kuandika, "Mumeo hakukufikishia ujumbe." Akaliangalia sana hilo. Alilijua kuwa kweli kama anavyojua jina lake. Lakini hakuliona. Hakuwapo nyumbani mle usiku ule, na faili haikuwapo. Akalikata. Badala yake akaandika alichoweza kukionyesha: siku, saa, namba, na aliyepokea. Akakisoma. Kilikuwa safi, hakina hata neno moja la kumsema mtu, na kingeingia nyumba ile kama sindano ndani ya godoro. Moyo wake ukasuuzika.

Bwana Mwaringa aliisoma barua akiwa na faili upande mmoja na kidonge upande wa pili.

"Hapa umesema 'tulikosea'. Kesho wakili."

"Amesema wapi anataka wakili? Amesema anataka ukweli. Mwenye kwenda kwa wakili ni yule aliyejibiwa taratibu zote zilifuatwa. Na mimi sikusema tumemuua. Nimesema tulimpa maelekezo mtu asiyekuwa yeye. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hii ya kwako, 'hatua zinazofaa zimechukuliwa'. Hatua gani?"

Bwana Mwaringa akatazama dari. Hapakuwa na hatua. Hapajapata kuwa na hatua. Mahfudha akafunika kalamu yake, akasema barua haitoki mpaka kuwe na kitu cha kuandika hapo, au waandike kwamba hawajafanya lolote. Ikapita siku mbili. Siku ya tatu, msimamizi wa wadi, Nelly na mtu wa maabara wakaitwa, wakakubaliana mambo mawili: maelekezo atapewa mgonjwa mwenyewe na ayarudie kwa kinywa chake, na sampuli ya damu kwa wa Jumanne itachukuliwa Jumatatu. Mahfudha alingoja hadi fomu mpya ilipochapwa, akaishika mkononi, ndipo akaandika.

Hafswa aliitwa aje Alhamisi. Angeweza kutumiwa kwa posta, lakini mlalamishi ana haki ya kusomewa jibu na kuuliza, na Mahfudha hakutaka kukosa karamu yake.

Aliingia akishika ukuta. Mahfudha alimtarajia yule mwanamke wa jikoni, mnene, mwenye hina. Huyu alikuwa mweupe midomo, buibui limemzidi mwili. Alipoinua macho akaona ni nani aliyeketi nyuma ya meza, akasimama.

"Shikamoo dada Mahfudha."

"Marahaba. Keti."

"Sikujua kama ni wewe. Ningejua..."

"Ungejua ungeandika vizuri zaidi. Keti, utaanguka." Akamsogezea maji. Kisha akasoma, kwa sauti ya kazi, polepole.

"'Bi Hafswa Salmin. Ulipangiwa upasuaji mara tatu na mara tatu ukarudi nyumbani unaumwa. Tunakuomba radhi. Umetuomba ukweli, na huu ndio tuliouona kwenye kumbukumbu zetu na kwa kuwauliza waliokuhudumia.

"'Tarehe 14 Aprili uliahirishwa kwa sababu ulikuwa umekunywa chai ya maziwa na kula asubuhi, na tumbo likiwa na chakula nusukaputi inaweza kuua. Lakini wewe hukupewa maelekezo. Tuliyatoa kwa simu siku iliyotangulia, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kwa namba inayomalizikia 318, kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mumeo. Tulipaswa kuzungumza nawe mwenyewe. Hilo ni kosa letu. Muuguzi anakumbuka kukuambia kwa sauti, mbele ya watu, "Mama, ukila sisi tukufanyeje?" Hukustahili kuambiwa hivyo, naye anakuomba radhi...'"

"Ngoja," Hafswa akasema. "Namba ipi?"

"Tatu moja nane."

Nje mtu alikuwa akiita majina kwenye dirisha la dawa. Mahfudha alimtazama usoni bila haya, hakutaka kupoteza kitu.

"Aliniambia nisile chakula kizito," Hafswa akasema polepole. "Ndiyo maana nikanywa chai. Kisha nilipofokewa nikarudi nyumbani nalia, akaniambia, 'Hao ndio walivyo, hawajali watu.' Yeye ndiye aliyenishauri niandike barua."

Subhanallah, hata Mahfudha hakulitarajia hilo. Raha ilimjaa mpaka akahofia itaonekana. "Hayo siwezi kuyaandika," akasema. "Sikuwapo."

Akaendelea kusoma. Alipofika tarehe 28 akasoma, "'Uliandika kwamba daktari hakuja. Daktari alikuwapo, na twasikitika kwamba hakuna aliyekueleza kilichokosekana,'" akamsomea habari ya sampuli, na fomu mpya, na jina la muuguzi atakayempigia, na namba ya Mahfudha mwenyewe akitaka kuuliza. Mwisho, "'Daktari amekutengea nafasi ya kwanza Jumanne tarehe 19 Mei. Dharura ikiingia hatuwezi kukuahidi kwamba haitakusogeza. Tunakuahidi kwamba tutakuambia saa ile ile, nawe utapewa chakula.'"

Hafswa alikuwa akilia, si kwa kelele. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivi," akasema. "Kitu baada ya kitu."

"Wala mimi," Mahfudha akasema.

Neno lile lilimtoka tu. Hafswa alilisikia. Akachukua barua yake, akaikunja, akaenda.

Safari hii Nelly alimpigia yeye mwenyewe, akamtaka ayarudie maneno mara mbili. Jumanne ya tarehe 19 akafanyiwa upasuaji saa tatu asubuhi, chupa mbili zikiwa tayari, moja tu ikatumika. Mahfudha alipata habari kwamba ameamka salama, akaziandika kwenye daftari, na ule usingizi wake wa usiku ukawa mzuri kupita kiasi. Majirani wakaleta nyingine: siku aliyotoka hospitalini Hafswa alishuka kwa dadake, hakushuka kwa Huzaifa, na Huzaifa alikuwa akizunguka na chupa ya uji hakuna wa kumfungulia mlango. Mahfudha aliomba asimuliwe mara ya pili.

Mwezi wa Juni, alipofungua sanduku la maoni, akakuta bahasha yenye jina lake. Mkono aliutambua.

"Dada Mahfudha, nimepona, nakushukuru. Nimekuwa nikifikiri. Ninasikitika ikiwa mambo yaliyotokea baina yetu yalikuumiza. Naomba unisamehe. Hafswa."

Akatoa kalamu nyekundu. Hasira zilimjaa, lakini kazi ni kazi. Akalipiga mstari "ikiwa". Pembeni ya "mambo" akaandika, "Mambo gani?" Pembeni ya "yaliyotokea" akaandika, "Yalitokea yenyewe? Nani aliyafanya?" Chini akaandika, "Tarehe hakuna. Irudiwe." Akatia kwenye bahasha mpya, akampa dereva wa tuktuk anayekaa mtaa mmoja na dadake Hafswa, akamlipa na nauli. Hakujawahi kuwa na siku tamu kazini kama hiyo.

Jibu lilikawia siku kumi na moja. Safari hii zilikuwa karatasi mbili.

"Dada Mahfudha. Nilikudhulumu. Niliingia nyumbani kwako kwa mlango ulionifungulia wewe. Mwezi wa pili ulipokwenda Mtwapa nilimpikia Huzaifa kwa sababu uliniomba. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakaa naye mpaka usiku, na hukuniomba hilo. Yeye alinitaka, lakini mimi nilikubali, na nilijua ni wewe. Tulifunga nikahi Ijumaa tarehe 17 Machi 2017, baada ya alasiri, Mambrui. Asubuhi ile ulinipigia simu. Ulisema mama amezidiwa, na ukaniuliza kama Huzaifa amekula. Nilikwambia usijali, muuguze mama. Simu nilishikiwa sikioni na dadangu kwa sababu nilikuwa na hina mikono yote miwili, haijakauka. Siku wazee walipokaa, nilijua kwamba lile neno 'ikiwa' ni uongo, nikanyamaza kwa sababu lilinifaa. Sina la kukufanyia liwe sawa. Ninakuomba radhi."

Mahfudha aliipitia na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, tangu juu. Tarehe ilikuwapo. Aliyefanya alikuwapo. Hakuna aliyesingiziwa, hata Huzaifa alipewa sehemu yake tu. Akarudi juu akaanza tena, akitafuta kosa, kwa sababu bila kosa hakuwa na la kushika. Simu ile aliikumbuka. Aliipiga amesimama kwenye ngazi za hospitali Mombasa, akamwambia kakake baadaye, "Alhamdulillahi, Hafswa yupo." Mama alikufa Jumamosi.

Kalamu ilikaa hewani mpaka mkono ukamuuma. Hakupata pa kuigusisha karatasi.

Alipiga kelele moja tu, fupi, ndani ya leso yake, na Nelly aliyekuwa akipita akachungulia mlangoni. "Dada, kuna nini?"

"Hakuna. Funga mlango."

Kisha akafuta uso, akachukua karatasi safi, akaiweka sawa mbele yake. Akaiacha nyekundu akashika ya buluu. Msamaha hakuwa nao. Aliutafuta kwa uaminifu, kama anavyotafuta kumbukumbu kwenye faili, akakuta mahali pake peupe. Kusema hatasamehe kamwe, hilo nalo hakuwa na hakika nalo, na yeye hakuwa mtu wa kuandika asichokuwa na hakika nacho.

Akaandika kwa mwandiko mzuri, akatia tarehe na sahihi yake:

"Hafswa. Barua yako imepokelewa. Inashughulikiwa."